Uliona Nini, na Ulionaje: Namna ya Kutoa Maelezo Polisi

"Nilimtambua vizuri kwa sababu kulikuwa na mwanga wa kutosha." Sentensi hii hukutwa tena na tena katika kesi za unyang'anyi wa usiku hapa Tanzania, na imewaponza walalamikaji wengi. Aliyeitamka huenda alisema kweli tupu. Lakini hakimu anayeletewa kesi miezi kadhaa baadaye hawezi kujua kutokana nayo taa ilikuwa ya namna gani, ilikuwa wapi, mlalamikaji alisimama umbali gani na mtu huyo, wala alimtazama kwa muda gani. Asipoyajua hayo atabaki na shaka, na shaka ya msingi humnufaisha mshtakiwa.

Maelezo unayoandikisha kituoni ndiyo yanayompa mpelelezi pa kuanzia, na ndiyo anayoyasoma mwendesha mashtaka kabla ya kuamua kama kuna kesi. Siku ya kesi utapanda kizimbani na kusimulia upya kwa mdomo, chini ya kiapo. Hapo wakili wa utetezi anaweza kuyatumia maelezo yako ya polisi kukudodosa. Ukisema mahakamani kwamba uliona panga, na kituoni hukutaja silaha yoyote, atakutaka ueleze panga limetoka wapi. Na kama shahidi amefariki au hapatikani, sheria inaruhusu, kwa masharti maalumu, maelezo yake ya maandishi yapokewe mahakamani badala yake. Kwa hiyo kila mstari uandikwe kwa namna ambayo msomaji asiyekujua, na usiyeweza kumfafanulia, ataelewa ulichokiona.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa mama mwenye duka la rejareja Morogoro aliyevamiwa usiku. Maelezo yake ya kwanza yangeweza kuwa hivi: "Nilivamiwa na majambazi watatu wenye mapanga wakaniibia pesa na simu. Mmoja nilimtambua vizuri kwa sababu kulikuwa na mwanga wa kutosha. Ni mwizi anayejulikana mtaani." Hakuna uongo aliokusudia hapa, lakini maneno haya yana kasoro tatu. Hayana tarehe wala saa. Yanawapa watu watatu mapanga, ilhali yeye aliona panga moja. Na neno "mwizi" ni sifa aliyoisikia kwa watu, wala si jambo aliloliona usiku ule.

Sasa tuyasome maelezo ya mama huyohuyo, akisimulia tukio lilelile kwa utulivu:

"Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, saa 2 na robo usiku, nilikuwa ndani ya duka langu nikihesabu mauzo. Saa naikumbuka kwa sababu taarifa ya habari ya saa 2 ilikuwa bado inasomwa redioni. Waliingia vijana watatu. Mmoja alishika panga kwa mkono wa kulia. Wawili sikuwaona na silaha. Dukani paliwaka taa moja nyeupe ya umeme iliyofungwa darini juu ya kaunta, ambayo huitumia kusomea namba za vocha. Mwenye panga alisimama upande wa pili wa kaunta, umbali wa kama mkono mmoja. Hakuwa amefunika uso. Nilimtazama tangu aliponiamuru nitoe pesa hadi nilipomaliza kutoa zilizokuwa kwenye droo, kama dakika mbili. Jina lake silijui, lakini ni kijana anayepakia mkaa stendi, na nimekuwa nikimwona karibu kila siku kwa mwaka mmoja. Wale wawili walibaki mlangoni penye giza. Sura zao sikuziona. Walipoondoka nilipiga kelele, akaja jirani yangu, nikamwambia palepale kwamba aliyekuwa na panga ni yule mpakia mkaa."

Maelezo haya yana uzito kwa sababu yanajibu maswali ambayo mahakama huyauliza. Katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilionya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na hauaminiki kwa wepesi, ikataja mambo ya kupimwa: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, katika hali gani ya mwanga, ilikuwa mchana au usiku, na kama aliwahi kumwona kabla. Ukali huo una sababu. Watu wakweli hukosea sura, hasa wakiwa na hofu, na unyang'anyi wa kutumia silaha una adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30. Kosa la jicho linaweza kumfunga asiyehusika.

Tazama jinsi mama yule alivyoueleza mwanga. Hakusema ulitosha. Alitaja aina ya taa, mahali ilipofungwa, na kazi aliyoweza kuifanya chini yake. Mwanga wa kibatari, wa tochi ya simu na wa taa ya umeme haufanani, na tochi iliyoelekezwa machoni mwako humficha anayeishika badala ya kumwonyesha. Kama hujui kupima kwa mita, tumia kitu kinachoonekana: urefu wa kaunta, upana wa barabara, hatua kutoka mlangoni hadi mti wa mwembe. Muda nao uupime kwa kitendo kilichofanyika, kama alivyofanya yeye kwa droo. Dakika mbili zinazoambatana na kazi inayoeleweka zinaaminika kuliko dakika kumi zinazoning'inia peke yake.

Jambo lingine ni kumtaja mtu mapema. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa katika nafasi ya kwanza anayoipata huaminika zaidi, na kwamba anayechelewa bila sababu huzua maswali. Ndiyo maana sentensi kuhusu jirani ni muhimu: inaonyesha kwamba mpakia mkaa alitajwa dakika chache baada ya tukio, kabla ya mtu yeyote kukamatwa. Jirani naye ataandika maelezo yake, na mpelelezi ataweza kulinganisha. Kama ulichelewa kumtaja kwa sababu ya vitisho au kwa kuwa ulizimia, sema hivyo katika maelezo yaleyale. Kama humjui kabisa, eleza umbo, urefu, rangi, mavazi, kovu, sauti, namna ya kutembea, na ueleze kabla hujaonyeshwa mtu yeyote. Gwaride la utambulisho linapoitishwa, uzito wake hutegemea sana kama ulikuwa umeshatoa wasifu huo.

Kanuni hiyo inagusa pia mali. Simu zinazofanana ni nyingi mjini, na kusema "niliibiwa simu nyeusi" hakumtofautishi mwenye mali na mwingine. Taja aina yake, ufa uliopo pembeni mwa kioo, picha iliyo kwenye skrini, na zaidi ya yote namba ya IMEI, ambayo huandikwa kwenye boksi la simu, na kwa simu uliyonayo huonekana ukibonyeza *#06#. Alama hizi ziandikwe kabla polisi hawajakuonyesha simu waliyoikamata. Ukizitaja baada ya kuonyeshwa, utetezi utasema umezisoma palepale mezani.

Yako mambo mawili ya kuyatenga waziwazi katika masimulizi: uliyoyaona mwenyewe na uliyoambiwa. Kama mwendesha bodaboda alikuambia kwamba aliwaona vijana wale wakikimbilia mtoni, usiandike "wakakimbilia mtoni". Andika kwamba mwendesha bodaboda wa kijiwe fulani alikuambia hivyo, ili mpelelezi amtafute naye atoe maelezo yake. Usikubali pia kukaa na mashahidi wenzako mkapatanisha masimulizi. Watu wawili walioona tukio moja kutoka pembe mbili hutofautiana katika mambo madogo, na mahakama inalijua hilo. Maelezo yanayofanana neno kwa neno hutia shaka.

Pale usipojua, sema hujui. Maneno "sikumbuki" na "sikuona" hayapunguzi uzito wa maelezo. Mama wa Morogoro alipokiri kwamba sura za wale wawili hakuziona, aliongeza imani ya msomaji kwa yule mmoja aliyemweleza. Angewataja wote watatu kwa hasira, utetezi ungeonyesha kwamba mlangoni palikuwa na giza, na shaka ile ingemfunika hata mwenye panga. Kuongeza chumvi kuna hatari ya kisheria pia: kumpa askari taarifa unayojua ni ya uongo ni kosa la jinai, na kusema uongo chini ya kiapo mahakamani kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 7.

Mara nyingi mwandishi ni askari: wewe unasimulia, yeye anaandika. Anza kwa jina, umri, kazi na makazi, kisha simulia kwa mpangilio wa wakati, tukio baada ya tukio. Askari akiuliza swali la kufafanua, swali na jibu lako vyote vinatakiwa kuandikwa. Kama Kiswahili hakikutoshi, sema mapema upatiwe mkalimani.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka maelezo yakishaandikwa uonyeshwe au usomewe, na inakupa uhuru wa kueleza zaidi au kuongeza. Utumie uhuru huo hata kama saa zimekwenda na foleni ni ndefu. Kagua kwanza tarehe, majina na namba. Kagua saa kwa makini: polisi wengi huandika kwa mtindo wa saa 24, hivyo saa 2 na robo usiku iwe 20:15. Ikiandikwa 02:15, tukio limehamia usiku wa manane, wakati ambapo duka lingekuwa limefungwa. Kisha tafuta maneno ambayo hukuyasema. Askari akifupisha "kijana anayepakia mkaa" kuwa "mtuhumiwa", utambuzi wako umepotea, basi mwombe aurudishe. Neno lililokosewa likatwe kwa mstari mmoja, sahihi iandikwe kando, na mnayoweka sahihi muwe wewe na yeye.

Sahihi yako iwekwe mara moja chini ya mstari wa mwisho, bila kuacha nafasi ya kuongezewa sentensi. Asiyejua kusoma asomewe yote kwanza, ndipo aweke dole gumba. Usitie sahihi kwenye karatasi tupu, hata ukiahidiwa kwamba itajazwa baadaye. Chukua namba ya RB uihifadhi, kwa kuwa ndiyo itakayotumika kufuatilia shauri lako.

Ukifika nyumbani na kukumbuka jambo muhimu, rudi kwa mpelelezi ukaandike maelezo ya nyongeza, ukieleza kwa nini hukulisema mwanzo. Nyongeza inayotolewa kesho yake kwa sababu inayoeleweka hubeba uzito. Jambo lilelile likisikika kwa mara ya kwanza kizimbani, mwaka mmoja baadaye, litachukuliwa kuwa limetungwa, hata kama ni la kweli.