Pigo Likitua, Wagande Wawili Tu

Kwenye gemu ya mapigano, upanga hauna uzito. Ni picha inayopita juu ya picha nyingine. Mchoraji akiuchora ukishuka kutoka begani hadi gotini, utashuka vivyo hivyo, adui awepo katikati au asiwepo. Gemu nyingi za aina hii huchora picha 60 kila sekunde, na kila picha huitwa fremu. Upanga unaoshuka kwa kasi unaweza kugusana na mwili wa adui kwa fremu mbili tu, yaani sehemu ya thelathini ya sekunde. Jicho haliwahi. Unaona mkono umeanza, unaona adui ameanguka, lakini kile kilichomwangusha hukukiona.

Aliyewahi kukata gogo kwa shoka anajua kwamba chuma kikizama kwenye mti mgumu hunasa, na mkono husimama nacho. Watengenezaji wa gemu huleta kunasa huko kwa njia nyepesi kabisa: pigo linapotua, mpigaji na mpigwa hugandishwa kwa muda mfupi mno, kisha mwendo huendelea pale ulipokatikia. Ile picha ya chuma kukutana na mwili hubaki kwenye skrini muda wa kutosha kuonekana. Mchezaji hata hatambui kwamba kuna kitu kilisimama. Yeye anahisi tu kwamba pigo lile lilikuwa zito.

Muda wa kuganda ndio unaopima uzito wenyewe, na mfano mzuri ni Super Smash Bros. Melee, iliyotengenezwa na HAL Laboratory chini ya Masahiro Sakurai na kutolewa na Nintendo mwaka 2001. Hesabu yake wachezaji wameichambua hadi ndani. Chukua madhara ya pigo, gawa kwa 3, ongeza 3, tupa desimali. Jibu ni idadi ya fremu za kuganda. Kofi la madhara 3 linagandisha kwa fremu 4. Pigo la madhara 18 linagandisha kwa fremu 9. Goti la Captain Falcon likimpata mtu barabara lina madhara 18, na kwa kuwa ni pigo la umeme, aliyepigwa huzidishiwa mara moja na nusu: zile 9 zinakuwa 13, zaidi ya moja ya tano ya sekunde. Huko kukawia kidogo kabla mwili haujarushwa ndiko kunakolifanya goti hilo litishe.

Gemu hiyo huchezwa hata na watu wanne kwa pamoja. Wawili wakigandana upande wa kushoto, wale wengine wawili upande wa kulia wanaendelea kukimbizana bila kusita. Hapo ndipo kazi ya mwandishi wa programu inapoanza.

Njia inayomjia mtu kwanza ni kusimamisha saa ya gemu nzima. Katika Godot, injini ya bure inayotumiwa na watengenezaji wengi wadogo, mstari mmoja unatosha: `Engine.time_scale = 0`. Lakini mstari huo unasimamisha pia maji ya mto, moto wa mwenge, bendera ukutani na adui wa tatu aliyekuwa anakuja kwa mbali. Mapigo yakifuatana, dunia nzima inakuwa na kwikwi, na mchezaji anadhani mashine yake imezidiwa. Kuna balaa kubwa zaidi: ukiweka kipima muda cha kawaida cha kuirudisha saa, nacho kinasimama pamoja na saa hiyo, na gemu haiamki tena.

Dawa ni kumpa kila mpiganaji hesabu yake mwenyewe:

```gdscript
var mgando := 0

func gandisha(fremu: int) -> void:
    mgando = maxi(mgando, fremu)
    $AnimationPlayer.speed_scale = 0.0

func _physics_process(_delta: float) -> void:
    soma_vitufe()
    if mgando > 0:
        mgando -= 1
        if mgando == 0:
            $AnimationPlayer.speed_scale = 1.0
        return
    move_and_slide()
```

Godot huita `_physics_process` mara 60 kwa sekunde isipobadilishwa, kwa hiyo tunahesabu fremu moja moja bila kugusa saa ya mtu mwingine. Hesabu ikiwa juu ya sifuri, mpiganaji hasogei na animesheni yake haisogei, lakini kasi aliyokuwa nayo inabaki ndani ya `velocity`. Mgando ukiisha, anaendelea nayo kana kwamba hakuna kilichokatika. Pigo likitua, unaita `gandisha(9)` kwa mpigaji na kwa mpigwa, basi. Mto hauna habari.

Tazama `maxi`. Upanga ukiwapata maadui watatu kwa mkupuo, kila mmoja kwa fremu 7, mpigaji anapaswa kuganda fremu 7, si 21. Namba kubwa inashinda, hazijumlishwi. Wengine hupenda kuhifadhi kasi ya zamani ya animesheni ili waje kuirudisha. Tatizo ni kwamba pigo la pili likiingia katikati ya mgando wa kwanza, kasi inayohifadhiwa ni sifuri, na mpiganaji anarudishiwa sifuri yake. Anabaki hivyo hadi raundi iishe.

Kosa ninalolipa uzito zaidi ni la pigo linalojirudia. Wakati wa mgando upanga bado umo ndani ya mwili wa adui. Programu ikiuliza kila fremu kama vimegusana, jibu ni ndiyo, na kila ndiyo inaijaza upya hesabu. Dalili yake haifichiki: wawili wamesimama wameshikana huku uhai wa mmoja ukishuka mpaka unaisha. Kila mkupuo wa upanga uwe na orodha ya iliokwisha kuwapata, na aliyemo kwenye orodha asipigwe tena hadi mkupuo mwingine.

Mpangilio nao una maana. Ukimgandisha mpigwa kabla ya kumbadilishia picha, ataganda akiwa bado anatembea kwa raha zake, na pigo litaonekana halikumfikia. Anza na `play("umia")`, kisha `advance(0)` ili picha ya kwanza ya maumivu itokee papo hapo, ndipo umgandishe. Katika Melee mpigwa hutetemeka wakati wa mgando na mpigaji hutulia tuli, hivyo hata katikati ya vurugu unajua nani kampiga nani. Ukitaka kuiga hilo, tetemesha picha peke yake. Ukiutetemesha mwili wenyewe, unaweza kusukumwa ndani ya ukuta.

Vitufe vinasomwa kabla ya `return` kwa makusudi. Mchezaji hajaganda, vidole vyake vinaendelea. Akibonyeza pigo la pili ndani ya zile fremu 9 na programu isilisikie, atasema gemu ni nzito mkononi, na atakuwa amesema kweli.

Vitu vya kurushwa vina kanuni yake. Katika Street Fighter, mpira wa nguvu wa Ryu ukimpata mtu, anayeganda ni aliyepigwa pamoja na mpira. Ryu yuko mbali, mikono yake haijagusa mtu, na mwendo wake unaendelea. Kwa hiyo `gandisha` ipelekwe kwa kile kilichogusa, si kwa mwenye nacho.

Kupima ni rahisi. Weka mhusika wa tatu atembee nyuma ya wapiganaji bila kukoma, rekodi skrini, kisha pitia rekodi fremu kwa fremu pigo linapotua. Mguu wake ukisita hata fremu moja, kuna sehemu kwenye msimbo ambako bado unaishika saa ya gemu nzima.