Tangazo Likiingia Usiku, Stori Ikatwe Wapi?

Ukurasa wa tano umeshapitishwa, mhariri wa zamu ameusaini, kisha idara ya matangazo inaleta tangazo la mnada. Kimo chake ni sentimita 5 tu, lakini limetanda safu zote nne za ukurasa, na mtambo wa uchapaji haungoji mtu. Msanifu kurasa analiweka chini, fremu ya maandishi inapanda juu, na kwenye InDesign alama nyekundu ya kujumlisha inachomoza kwenye kona ya chini ya fremu. Maana yake ni kwamba stori ina maneno yaliyokosa pa kukaa.

Kabla ya kugusa neno lolote, mhariri hupiga hesabu. Sentimita 5 katika safu nne ni sentimita 20 za safu. Maandishi yakiwa yamepangwa kwa pointi 11 kutoka mstari hadi mstari, kila mstari hula karibu milimita 3.9, kwa hiyo inayotakiwa kuondoka ni mistari 52 hivi. Safu nyembamba ya gazeti hubeba maneno matatu au manne ya Kiswahili kwa mstari. Hapo ni maneno 180 yanayoaga, na dakika za kuyaaga ni chache.

Kukata kuanzia chini si uvivu. Mashine ya linotaipu, iliyoanza kazi katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, ilimwaga kila mstari kama kipande kimoja cha risasi. Kuondoa neno katikati ya aya kulimaanisha kupanga upya mistari yote iliyolifuata. Kuondoa aya ya mwisho kulimaanisha kunyanyua vipande kadhaa kutoka mezani na kuviweka kando. Mwandishi aliyejua hilo aliweka habari yenyewe juu na maelezo ya ziada chini, ndiyo piramidi iliyopinduliwa wanayofundishwa wanahabari hadi leo. Risasi imeshatoweka katika vyumba vya habari, lakini desturi imebaki, pamoja na imani kwamba mkia wa stori daima ni mafuta yasiyo na mfupa.

Imani hiyo ndiyo inayoponza. Chukua stori ya mfano yenye aya 14, kuhusu ujenzi wa soko uliosimama. Aya ya kwanza inasema kazi imesimama na wafanyabiashara wamerudi kuuza barabarani. Ya pili inabeba shutuma: madiwani wanadai mkandarasi alilipwa kisha akaondoka. Ya nne inasema mhandisi alitaja sababu tatu za kuchelewa. Sababu mbili zinafuata papo hapo, halafu stori inahamia kwa wafanyabiashara, na sababu ya tatu inakuja kutajwa katika aya ya 11. Aya ya 12 ni majibu ya mkandarasi, ya 13 ni kauli ya mkurugenzi wa halmashauri, na ya 14 ni historia: soko la zamani liliungua.

Aya hizo nne za mwisho zina mistari 12, 16, 14 na 10. Jumla 52. Mhariri mwenye haraka anazichagua zote, anafuta, alama nyekundu inapotea, na ukurasa unakwenda.

Asubuhi msomaji anakuta mhandisi aliyeahidi sababu tatu akatoa mbili. Chini ya picha anasoma kuhusu “eneo lililoungua”, wakati stori haina moto wowote. Hayo ni aibu ndogo. Kubwa ni kwamba mkandarasi ametuhumiwa gazetini na hakupewa hata sentensi moja, ingawa mwandishi alimtafuta, akampata, na akaandika alichosema. Kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Habari ya Kenya ya mwaka 2013 zilitaka pande zote za habari zielezwe inapowezekana, na anayetajwa kwa ubaya atafutwe atoe maoni yake. Daftari la mwandishi likionyesha kwamba alimpigia simu haitasaidia sana, kwa sababu kilichochapishwa ni shutuma peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kufuta aya, mhariri mzoefu huiuliza swali moja: nani huko juu anakutegemea? Aya ya 14 inategemewa na maelezo ya picha tu, basi maelezo hayo yanarekebishwa yajitegemee: “Soko jipya linajengwa palipoungua la zamani.” Aya ya 13 haitegemewi na mtu. Inauma kuipoteza kwa kuwa ina ahadi ya mkurugenzi, lakini stori inasimama bila yake, na ahadi hiyo inaweza kuwa habari ya kesho. Aya ya 11 inategemewa na neno “tatu”. Hapa pana mtego, maana kuandika “sababu mbili” ni kumsemea mhandisi jambo ambalo hakusema. Kilicho kweli ni “miongoni mwa sababu alizotaja”.

Aya ya 12 haiondoki nzima. Kiini chake, kwamba mkandarasi amekanusha na anadai alisimamisha kazi kwa kutolipwa hati mbili za malipo, kinapandishwa hadi mara tu baada ya shutuma katika aya ya pili. Kimechukua mistari sita, na deni la mistari sita lazima lilipwe kwingine. Minne inapatikana katika aya ya nane, ambako mfanyabiashara wa pili anarudia aliyoyasema wa kwanza. Miwili iliyobaki inatafutwa kwenye aya zinazoishia na neno moja pekee mstarini. Ukiondoa “kwa upande wake” au “aliongeza kusema”, neno lile la mwisho linapanda na mstari mzima unarudi. Magazeti yetu yamejaa akiba ya namna hiyo.

Kukata katikati kuna hatari yake katika Kiswahili. Aya ya tisa ilianza kwa “Naye alisema”, ikimrejelea mfanyabiashara wa pili. Aya ya nane ikishaondoka, “naye” inamdandia mtu wa mwisho aliyetajwa, na maneno ya mmoja yanaingia kinywani mwa mwingine. Lugha yetu haitenganishi mke na mume katika viambishi, basi hakuna cha kumshtua msomaji. “Huyo”, “hiyo”, “hata hivyo” na “licha ya hayo” zikaguliwe kila panapopita mkasi, na mwenye kauli atajwe upya kwa jina au cheo.

Stori za mahakamani zihesabiwe peke yake. Waandishi wengi humalizia na mshtakiwa kukana shtaka, kama ana dhamana au hana, na tarehe ya kutajwa kwa kesi. Mkasi wa chini unaondoka na kukana huko na kuacha mashtaka yote juu. Makala ndefu nazo, ambazo mwandishi ameliweka jibu mwishoni kwa makusudi, hazikatwi kwa njia hii kabisa. Hizo zipunguzwe katikati au zihamishiwe toleo jingine.

Mwisho kabisa ukurasa husomwa kwenye prufu kuanzia kichwa cha habari hadi mstari wa chini, ikiwezekana na mtu ambaye hakuiona stori ilipokuwa nzima. Aliyekata bado anazo kichwani zile aya zilizoondoka, na kichwa chake kinamjazia mapengo bila yeye kujua.

Nanyi waandishi, wasaidieni watu wa zamu ya usiku: majibu ya anayetuhumiwa yaandikeni katika aya ya tatu, msiyasubirishe hadi ya 12.