Mipira Sita Mfukoni: Kwa Nini Asha Anamshinda Juma

Mfukoni mna mipira sita, mitatu myekundu na mitatu ya buluu. Juma na Asha wamepatana hivi: mmoja atatia mkono bila kuchungulia, atoe mpira, kisha atoe wa pili bila kuurudisha wa kwanza. Rangi zikilingana, pointi ni ya Juma. Zikitofautiana, ni ya Asha. Kwa kuwa kila rangi ina mipira mitatu, wengi wangesema mchezo huu hauna upendeleo.

Kumbe unampendelea Asha.

Mpira wa kwanza ukiwa mwekundu, mfukoni inabaki mipira mitano: miwili myekundu na mitatu ya buluu. Mpira uliotoka umepunguza idadi ya wenzake wa rangi ile ile, na rangi ya pili haijaguswa. Ukitangulia wa buluu, mambo ni hayo hayo. Basi uwezekano wa rangi kulingana ni 2/5, na wa kutofautiana ni 3/5. Wakicheza mara 100, Juma atarajie pointi zipatazo 40 na Asha 60.

Mwanafunzi anayekosea hapa kwa kawaida huandika 3/6 kwa mpira wa pili pia, kana kwamba wa kwanza umerudishwa. Dalili ya kosa ni asili ya sehemu: ikiwa 6 imebaki 6, mpira uliotolewa haujahesabiwa. Suala hili la kurudisha au kutorudisha lina historia ndefu. Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha fumbo la wachezaji watatu wanaochota vipande 12, vinne vyeupe na vinane vyeusi, lakini hakueleza kama kinachochotwa kinarudishwa. Jacob Bernoulli, katika kitabu kilichotoka 1713, alilitatua kwa kila maana, na majibu hayakufanana.

Je, Juma anaweza kutendewa haki? Anaweza, kwa kuongeza mipira mitatu myekundu. Sasa ipo sita myekundu na mitatu ya buluu, jumla tisa. Uwezekano wa kutoa miwili myekundu ni 6/9 × 5/8, yaani 30/72. Wa kutoa miwili ya buluu ni 3/9 × 2/8, yaani 6/72. Njia zote mbili zinampa Juma pointi, hivyo zinajumlishwa: 36/72, nusu kamili. Anayeisahau njia ya buluu atapata 30/72 na kudhani Juma bado anaonewa.

Mfuko wa mipira mitatu na mmoja nao hutoa nusu kamili, na vivyo hivyo wa kumi na sita. Kipimo chake ni chepesi: tofauti ya idadi za rangi mbili, ikizidishwa kwa yenyewe, ilingane na jumla ya mipira. Kwa sita na mitatu tofauti ni 3, na 3 × 3 ni 9. Kwa mitatu na mitatu tofauti ni sifuri, na mipira ni sita.