Maneno matano ya bahati nasibu

Ukilazimishwa kuweka herufi kubwa, tarakimu na alama, huenda ukaandika M@mb0123! na kuamini umejificha. Programu za kuvunja nywila zinaujua mchezo huo. Zinachukua neno la kawaida, zinageuza a kuwa @ na o kuwa 0, kisha zinabandika 123 na alama ya mshangao mwishoni. Ujanja wako umeziongezea kazi kidogo tu.

Urefu una nguvu nyingine kabisa. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alitoa njia iitwayo Diceware: orodha ya maneno 7,776, kila moja na namba yake. Unarusha dadu mara tano. Ukipata 4, 1, 3, 6, 2, unachukua neno lililo mbele ya 41362. Unarudia hadi upate maneno matano au sita. Kila neno unaloongeza linazidisha kazi ya mvunjaji mara 7,776, hata kama anayo orodha hiyohiyo mkononi.

Tuseme umepata: mbuni kinu reli tandu shuka. Mbuni amebeba kinu, anatembea kwenye reli, tandu anamfuata amejifunika shuka. Picha hiyo haisahauliki upesi.

Ila dadu ndiyo ichague. Methali au ubeti wa wimbo ni mrefu, lakini wavunjaji wanazo pia sentensi mashuhuri. Na ukiyaandika maneno yako kwenye tovuti ya matapeli, urefu hautakusaidia.