Seva Iliyochelewa Hadi Daftari Likafutwa

Tuchukue duka kubwa linalotunza data zake katika MongoDB kwa seva tatu. Seva kuu hupokea mauzo na kuandika kila badiliko katika daftari liitwalo oplog. Seva mbili nyingine husoma daftari hilo na kurudia mabadiliko yale yale kwao. Daftari lina ukubwa maalumu: likijaa, maandishi ya zamani zaidi hufutwa ili mapya yapate nafasi.

Ijumaa saa kumi na mbili jioni seva moja inazimika, na hakuna anayeigusa mpaka Jumatatu asubuhi. Oplog ni ya gigabaiti 24, na kwa kawaida duka huandika nusu gigabaiti kwa saa. Fundi ameshaona kwamba daftari linabeba saa 48, akaridhika. Lakini Jumamosi usiku wa manane kuna kazi ya kubadilisha bei. Amri yake ni moja tu, ila oplog huandika badiliko la kila bidhaa peke yake, na kwa saa mbili zinaingia gigabaiti 20. Ukijumlisha 15 zilizokwisha kuandikwa tangu Ijumaa, unapata 35. Mahali seva ile ilipoishia kusoma pameshafutwa.

Jumatatu inawashwa, inatafuta mstari wake wa mwisho kwa wenzake, haukuti. Inabaki katika hali ya `RECOVERING`, haijibu maswali ya wateja, na kumbukumbu zake zinataja `too stale`. Kusubiri hakusaidii. Inabidi kuizima, kuondoa data zake zote na kuiwasha ili inakili kila kitu upya, au kuiwekea nakala ya karibuni ya mafaili ya mwenzake. Tena nakala hiyo nayo lazima iwe changa kuliko mwanzo wa oplog, la sivyo umerudi palepale.

Kosa la fundi lilikuwa kupima siku tulivu. Amri hii huonyesha muda ambao daftari linabeba:

```
rs.printReplicationInfo()
```

Iendeshe mara tu baada ya kazi nzito kuliko zote za wiki, maana hapo ndipo muda huo huwa mfupi kabisa. Kisha jiulize seva inaweza kukaa chini muda gani kabla mtu hajaifikia. Hapa ni saa 62, kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu saa mbili: saa 60 za kawaida ni gigabaiti 30, na kazi ya bei ni 20. Jumla 50. Mimi ningeongeza nusu yake, kwa sababu seva ikirudi hutumia muda kufukuzia, na mauzo hayasimami kuisubiri. Gigabaiti 75 ni megabaiti 76800:

```
db.adminCommand({replSetResizeOplog: 1, size: Double(76800)})
```

Amri hii hubadilisha seva moja tu, kwa hiyo irudie kwenye zote tatu. Tangu toleo la 4.4 unaweza pia kutumia `minRetentionHours` kutaja saa za chini za kutunza maandishi, lakini hapo oplog huruhusiwa kuvuka ukubwa wake, na mzigo usiotarajiwa unaweza kujaza diski.