Tezi Iliyobaki Huamka Lini?

Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo ya adrenali, yenye uzito wa gramu nne au tano hivi. Humo hutengenezwa kotisoli, homoni inayozuia presha na sukari zisiporomoke tunapougua, tunapokaa na njaa au tunapojeruhiwa. Kuna watu ambao katika tezi moja huota uvimbe usio saratani unaomimina kotisoli mchana na usiku. Uso huvimba na tumbo hutanuka, mapaja na mikono hukonda, ngozi huchubuka kwa kuguswa tu, presha na sukari hupanda. Dalili hizo kwa pamoja zimepewa jina la Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyezieleza mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Tiba yake ni upasuaji. Tezi yenye uvimbe hutolewa yote, mara nyingi kupitia matundu madogo, na baada ya siku chache mgonjwa yuko nyumbani. Hapo ndipo familia nyingi hushangaa. Chanzo kimeondolewa na tezi ya pili iko mahali pake, lakini mgonjwa anaambiwa ameze vidonge vya kotisoli kila siku, pengine kwa zaidi ya mwaka.

Sababu iko kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, ambayo hupeleka kwa adrenali zote mbili amri iitwayo ACTH. Kotisoli ikipungua katika damu, pituitari huongeza amri, ikizidi, huinyamazisha. Uvimbe hausikilizi amri hiyo. Unaendelea kumimina, na pituitari, kwa kuona kotisoli imejaa, inaacha kuagiza. Tezi ya upande wa pili, ambayo haina kosa lolote, inakaa miaka bila kupata amri. Sehemu yake inayotengeneza kotisoli husinyaa, kama msuli wa mkono uliofungwa plasta muda mrefu. Siku uvimbe unapotolewa, chemchemi pekee ya kotisoli inakauka, na iliyobaki haiwezi kazi.

Kimoja huwa kimesalimika. Tezi ya adrenali hutengeneza pia aldosteroni, homoni inayotunza chumvi, na hiyo huongozwa zaidi na figo kuliko pituitari. Kwa hiyo wagonjwa hawa kwa kawaida hawahitaji dawa ya chumvi kama wale ambao adrenali zote mbili zimeharibika, na potasiamu yao haipandi. Daktari anayesubiri potasiamu ya juu ndipo ashuku upungufu wa kotisoli anaweza kuchelewa mno.

Tumfuate mgonjwa mmoja wa mfano, mwalimu wa miaka 41 aliyetolewa uvimbe wa sentimita tatu upande wa kushoto. Haidrokotisoni ya sindano ilianza akiwa chumba cha upasuaji. Alipoanza kula akapewa vidonge, miligramu 30 kwa siku, kisha kiwango kikapunguzwa taratibu.

Wiki ya sita alirudi kliniki akilia. Viungo vilimuuma, ngozi ya viganja ilikuwa ikibambuka, usingizi umepotea na moyo mzito. Presha yake, hata aliposimama, ilikuwa nzuri. Sodiamu na sukari pia. Huo haukuwa upungufu. Mwili uliozoea kotisoli nyingi huumwa unaporudishwa kwenye kiasi cha kawaida, hata kama kiasi hicho kinatosha. Daktari alipunguza kasi ya kushusha dawa na kumweleza kuwa maumivu hayo yatapita kwa miezi. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu wengi hupotezwa nalo: wapo wanaojisikia vibaya huku dawa inatosha, na wapo wanaojisikia wazima, wakaacha vidonge, ilhali tezi bado imelala. Anavyojisikia mgonjwa hakutoshi kuonyesha kama tezi imeamka. Damu ndiyo inayoonyesha.

Kipimo cha kwanza ni rahisi na hupatikana katika maabara nyingi za miji yetu: kotisoli ya asubuhi. Kwa kawaida homoni hii hufika kilele alfajiri, kwa hiyo damu huchukuliwa kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Ugumu uko kwenye matayarisho. Haidrokotisoni ndiyo kotisoli yenyewe, na mashine haiwezi kutofautisha ya kidonge na ya mwili. Mwalimu wetu alimeza kidonge cha mwisho saa sita mchana siku iliyotangulia, akaruka cha alasiri kwa idhini ya daktari, na asubuhi akaja maabara na kidonge mkononi. Alikimeza sindano ilipotoka tu. Angekimeza nyumbani, majibu yangeonekana mazuri na yasingekuwa na maana.

Huku kwetu vidonge vya haidrokotisoni ni vigumu kupatikana katika maduka mengi ya dawa, na wagonjwa wengi hutumia prednisoloni, ambayo miligramu tano zake hulingana na takriban ishirini za haidrokotisoni. Hii nayo huihadaa mashine, maana vipimo vingi huihesabu kama kotisoli. Ni lazima maabara na daktari wajue mgonjwa anameza nini na alimeza lini. Wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupata namba iliyopanda bila tezi kubadilika, kwa kuwa estrojeni huongeza protini inayobeba kotisoli katika damu.

Na kuna adui asiyetajwa kliniki asipoulizwa. Krimu nyingi za kujichubua, na mikorogo inayouzwa bila maelezo, zina klobetasoli, steroidi kali inayopenya ngozi na kuilaza pituitari upya. Baadhi ya dawa za maumivu ya viungo zinazouzwa mitaani kama za asili huchanganywa na deksamethasoni. Tezi ikikataa kuamka mwaka wa pili, swali la kwanza liwe mgonjwa anapaka nini na anakunywa nini.

Majibu husomwa kwa ngazi tatu. Kotisoli ya asubuhi chini ya nanomoli 150 kwa lita inaonyesha tezi bado imelala, na mgonjwa huendelea na dawa. Ikizidi 300, kuna kila sababu ya kuamini imeamka. Kati ya hapo namba moja haitoshi. Mipaka hii hutofautiana kidogo kati ya mashine na mashine, ndiyo maana ni vyema kurudi maabara ileile.

Mwalimu alipimwa mwezi wa tatu, akapata 60, na ACTH yake ilikuwa chini kabisa. Mwezi wa nane kotisoli ilikuwa 110, lakini ACTH ilikuwa imepanda kupita kawaida. Ndugu yake aliyeona alama ya kuzidi kwenye karatasi alidhani ugonjwa umerudi. Kumbe ilikuwa habari njema. Tangu miaka ya 1960 watafiti wameonyesha kuwa pituitari huamka kwanza na kuanza kupiga kelele, na adrenali iliyosinyaa hufuata miezi kadhaa baadaye. Zaidi ya hapo, uvimbe wa adrenali ungerudi, ACTH ingeshuka.

Mwezi wa tisa alipata malaria. Alitapika usiku kucha, vidonge vyake vikatoka pamoja na dawa ya malaria. Asubuhi alifikishwa zahanati akiwa amelegea na kuchanganyikiwa, presha 80 kwa 50, sukari imeshuka, na baadaye sodiamu ikaonekana iko chini. Kila kimoja kati ya hivyo kingeweza kuelezwa na malaria pekee, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu mzima mwenye tezi nzima huzidisha kotisoli mara kadhaa anapopata homa kali. Huyu hakuwa na cha kuzidisha. Mumewe alitoa kadi iliyoandikwa kuwa mgonjwa huyu hana kotisoli ya kutosha, apewe haidrokotisoni miligramu 100 mara moja. Dawa hiyo ya sindano, tofauti na vidonge, hupatikana karibu kila kituo. Alichomwa, akawekewa dripu ya maji ya chumvi na glukosi, na matibabu ya malaria yakaendelea. Kufikia mchana alikuwa amekaa kitandani akiomba uji.

Kanuni aliyokuwa amefundishwa ni kuongeza kidonge mara mbili au tatu siku za homa, na kutosubiri kabisa akitapika: akitapika ni sindano, kisha hospitali. Usiku ule walisubiri kukuche. Kwa mgonjwa wa namna hii hata saa chache ni nyingi. Anayeanza dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini naye amwarifu daktari wake mapema, kwa sababu dawa hiyo huharakisha ini kuvunja haidrokotisoni na kiwango cha zamani huwa hakitoshi tena. Na anayetaka kufunga Ramadhani asijipangie mwenyewe saa za vidonge.

Mwezi wa kumi na tatu kotisoli ya asubuhi ilikuwa 230, kwenye ile ngazi ya katikati. Hapo hutumika kipimo cha pili, cha sinakteni, ambayo ni ACTH iliyotengenezwa kiwandani. Damu huchukuliwa kwanza, kisha mgonjwa huchomwa mikrogramu 250 kwenye mshipa au msuli, na damu huchukuliwa tena baada ya dakika 30 na 60. Tezi inapewa amri kubwa kuliko yoyote ambayo pituitari huitoa siku ya kawaida, na tunaona inajibu kwa kiasi gani. Vitabu vya zamani vilitaka kotisoli ifike 500 au zaidi. Mashine mpya, ambazo hazichanganyi sana kotisoli na homoni za jirani, zina mpaka wa chini zaidi, wa 420 hadi 450 hivi. Mwalimu alifika 380. Tezi ilikuwa imeamka nusu. Aliendelea na miligramu 10 asubuhi na tano mchana, kisha daktari akaondoa kile cha mchana ili alasiri na usiku pituitari iuone upungufu na iendelee kuagiza.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Kinaiuliza adrenali, hakimuulizi aliye kichwani. Katika ugonjwa huu hilo halisumbui sana, maana adrenali isingepata nguvu bila pituitari kuihimiza kwa miezi. Pale sinakteni isipopatikana, na mahali pengi haipatikani, kotisoli ya asubuhi ikirudiwa kila miezi miwili au mitatu kwa matayarisho sahihi humfikisha mgonjwa palepale, ila kwa kuchelewa kidogo.

Muda wa kungoja hautabiriki. Waliokuwa na dalili kamili za Cushing huchukua mwaka mmoja hadi miwili na nusu, wachache zaidi ya hapo. Wale ambao uvimbe wao ulikuwa ukitoa ziada ndogo huhitaji miezi michache, na baadhi yao hawahitaji dawa kabisa.

Mwezi wa kumi na saba mwalimu alipata 340. Aliacha kidonge cha asubuhi kwa hatua, miligramu mbili na nusu kila baada ya wiki mbili, akafika sifuri. Daktari alimwachia kadi na kichupa cha sindano kwa mwaka mmoja zaidi, kwa sababu tezi inayotosha kwa siku ya kufundisha huenda bado isitoshe kwa siku ya upasuaji au ajali.