Rangi ya Almasi na Dhahabu Inayoishika

Rangi ya almasi hupangwa kwa herufi, kuanzia D isiyo na rangi hadi Z yenye umanjano wa wazi. Mpimaji hulitazama jiwe kabla halijafungwa kwenye pete, uso wake ukielekea chini, kando ya mawe ya kulinganishia, kwa sababu likitazamwa kwa juu mng'aro huificha rangi.

Chukua almasi ya mviringo ya karati 1, daraja la K. Ikifungwa kwenye platinamu au dhahabu nyeupe, jicho huilinganisha na weupe wa metali, na umanjano wake hujitokeza, hasa ubavuni. Hapo afadhali G au H. Kwenye dhahabu ya njano, metali ina njano kuliko jiwe, kwa hiyo K ileile huonekana nyeupe. Kulipia D kwa pete hiyo ni hasara kubwa: vishikizo huakisi njano yao ndani ya jiwe, na weupe ulionunuliwa ghali hufifia.

Tatizo huzuka K inapozungushiwa almasi ndogondogo za daraja la F. Hata dhahabu ya njano haiwezi kuificha, kwani weupe uko jirani kabisa. Vito hivyo vya pembeni navyo viwe J au K.